Bahasha ndani ya Faili



Ndugu msomaji, juma hili ukurasa huu wa familia unakuletea hadithi. Watu waliomo ni wa kubuni, na ofisi inayotajwa haina jina. Lakini barabara, mto na mashamba ya mkonge ni vya Hale hiihii tunayoijua, na sheria zitakazotajwa zipo na zinafanya kazi.

Sefu alikuwa kijana wa miaka 24, mwenye cheti cha utunzaji wa kumbukumbu na ajira ya mkataba katika ofisi ya biashara. Kila alfajiri, baada ya Swala ya Subhi, aliondoka nyumbani kwa mama yake Hale, akapanda basi dogo hadi njia panda ya Segera, kisha lingine la kupinda kulia kuelekea Korogwe. Wakati huo maombi ya leseni yalikuwa bado yanajazwa kwenye karatasi, na meza ya Sefu ndiyo iliyokuwa mlango wa karatasi zote.

Kazi yake ilikuwa ndogo kwa cheo na kubwa kwa taathira. Mfanyabiashara alileta fomu iliyojazwa pamoja na namba ya mlipakodi, hati ya mamlaka ya mapato ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, mkataba wa pango au ushahidi wa umiliki wa jengo, na kitambulisho. Sefu alikagua kimoja baada ya kingine, akaandika jina na tarehe katika rejista, akalipa faili namba, akalipeleka kwa afisa biashara. Anayeuza chakula alikuwa na hatua moja zaidi, nayo ni afisa afya kufika mahali pa biashara na kuandika ripoti. Baada ya ripoti ndipo bili hutoka, mwombaji akalipa benki, akarudi na stakabadhi, na leseni ikaandikwa na kutiwa sahihi.

Afisa afya alifika upande wa Hale mara moja kwa juma, siku ya Alhamisi, kwa pikipiki. Kwa siku moja aliweza kukagua sehemu nne. Orodha ya sehemu hizo iliandaliwa na Sefu kila Jumatano kwa kufuata rejista, na hakuna mtu mwingine aliyeitazama.

Siku ya Jumanne, alasiri, lilikuja mezani faili la Alhaji Bakari. Alhaji alikuwa amemaliza kujenga hoteli ya chakula kando ya barabara kuu ya Tanga, yenye meza safi na jiko la kisasa. Kila mtu Hale alimjua. Alifuturisha watu mwezi wa Ramadhani, na tangi la maji la msikitini lilikuwa sadaka yake. Faili lilikuwa limejaa kila kilichotakiwa. Sefu alipofunua mkataba wa pango, kati yake na hati ya mapato palikuwa na bahasha ya kaki, na juu yake maneno matatu kwa kalamu ya buluu: “Chai ya kijana.” Ndani mlikuwa na noti kumi za shilingi 10,000.

Hakukuwa na ombi lolote lililoandikwa, wala halikuhitajika. Asubuhi ile, alipoliacha faili, Alhaji alikuwa ameinama mezani na kusema kwa upole, “Mwanangu, Jumatatu ijayo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka zabuni ya kulisha mafundi wa kampuni moja. Wanataka nakala ya leseni. Nitapita kesho kujua maendeleo.”

Sefu alitazama rejista. Upande wa Hale ulikuwa na maombi matano yanayosubiri ukaguzi, na la Alhaji lilikuwa la tano. La nne lilikuwa la Mama Zaina, mjane aliyekuwa akiuza wali na maharage karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa amezuiwa kuuza mpaka apate leseni, na sasa ulikuwa mwezi wa pili. Kuliandika jina la tano mahali pa la nne kungechukua sekunde chache.

Mlango ulifunguliwa, mhudumu akaingia na chupa ya chai. Kwa hofu tu Sefu aliisukuma bahasha mfukoni. Aliyewahi kukaa katika meza kama ile anaijua hofu hiyo. Ukiiacha bahasha ndani ya faili, mkubwa wako ataikuta na kudhani ni mgao wako uliousahau. Ukiipeleka juu, utaonekana unamshitaki mtu mzima mwenye heshima zake. Mfuko ndio unaokuwa karibu zaidi. Basi saa za kazi zikaisha, na Sefu akarudi Hale na shilingi 100,000 zisizo zake.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nyumba ya mama yake ilikuwa na chumba kimoja cha kuezekwa upya, na sufuria mbili zilikaa sakafuni kupokea matone. Baada ya Isha, mama alipokuwa akizimwaga sufuria zile, Sefu alimwambia kwamba Alhaji Bakari amempa kitu kidogo. Mama akainua mikono. “Mwenyezi Mungu amzidishie! Tutapata mabati ya upande huu wa jikoni.” Hakuuliza ni kitu cha nini. Kwake, tajiri mcha Mungu kumkumbuka mtoto wa mjane lilikuwa jambo la kheri, na kwa hakika lingekuwa hivyo kama kijana asingekuwa na rejista mezani pake.

Sefu alikuwa amesoma madrasa, na usiku ule kisa kimoja kilimjia bila kuitwa. Ni kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, ambacho wamekipokea Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akahutubia watu juu ya jambo hilo. Maana ya maneno yake ni kwamba mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, kisha aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko.

Sefu alikuwa amekaa nyumbani kwa mama yake. Alikuwa amekaa humo miaka 24, umbali wa mwito mmoja kutoka dukani kwa Alhaji. Alipofiwa na baba, Alhaji alileta mchele kama majirani wengine walivyoleta. Aliposomea cheti kwa mkopo wa mjomba, hakuna bahasha iliyokuja. Paa lilikuwa likivuja tangu mwaka juzi, na Alhaji alipita nje yake kila siku akienda msikitini. Bahasha ilikuja siku ileile ambayo faili lilikuja, na ilikuja ndani ya faili.

Hapa niseme kidogo juu ya majina, kwa sababu katika jambo hili Waswahili tumekuwa hodari sana wa kubuni majina. Tunasema chai, tunasema soda, tunasema nauli, tunasema asante. Nchi yetu iliwahi hata kuwa na jina lililomo ndani ya sheria ya uchaguzi, “takrima”, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Kipimo cha kisa cha Ibn al-Lutbiyya hakishughuliki na jina. Kinauliza tu kama kitu kingekuja kwako usingekuwa na kazi hiyo.

Asubuhi ya Jumatano Sefu alifika ofisini mapema na kumkuta Bi Mwanahawa, karani mkuu aliyebakiza miezi michache kustaafu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mbona macho mekundu?”

Alimweleza yote, akaiweka bahasha mezani. Bi Mwanahawa hakuigusa. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa la karipio. “Fedha hii haikupaswa kulala nje ya jengo hili. Kama maofisa wa TAKUKURU wangekusimamisha jana njiani, ungewaambia nini? Kwamba ulikuwa unaifikiria?”

Alikuwa na haki ya kukaripia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 15, inamtia hatiani anayepokea au kukubali kupokea, na vilevile anayetoa au kuahidi kutoa. Haijali kama kazi yenyewe ni halali ingefanyika hata bila hongo. Na kabla ya sheria hiyo, hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi imewaweka mtoaji na mpokeaji katika laana moja.

Kisha akaketi, akapunguza sauti. “Nitakueleza jinsi inavyoanza, maana nimeiona. Kabla yako, miaka mingi iliyopita, alikaa kijana mwingine katika kiti hicho. Alikuwa mwepesi wa kazi. Faili likija asubuhi, jioni liko kwa afisa. Siku moja akapewa asante baada ya kazi, akaipokea. Ikaja nyingine. Baada ya miezi michache niliona jambo katika rejista. Tarehe ya kupokea imeandikwa tarehe tatu, na tarehe ya kupeleka kwa afisa tarehe kumi na tisa, na faili halina upungufu wowote. Nikafungua droo yake, nikakuta mafaili kumi na moja yamekamilika, yamekaa tu. Nikamuuliza yanangoja nini. Hakuwa na jibu. Unaelewa, mwanangu? Mwanzoni alilipwa kwa wepesi wake. Lakini nani atalipia wepesi kama kila mtu anaupata? Ikabidi kwanza autengeneze uzito.”

Msomaji wangu, maneno hayo ya Bi Mwanahawa yanastahili kutuliwa. Wengi wetu tunaidhania bahasha ya kuharakisha kuwa ni kosa dogo, kwa sababu mtoaji anadai haki yake na karani anafanya kazi yake. Hatuioni foleni. Siku karani anapogundua kwamba mwendo unauzwa, ucheleweshaji unakuwa mtaji wake, na kuanzia hapo faili lililokamilika halina sababu ya kusogea lenyewe. Anayetaka kujua kama ofisi imefikia hapo asisikilize uvumi. Atazame tarehe mbili, ya kupokea na ya kupeleka, katika mafaili yasiyo na upungufu.

Bi Mwanahawa alimtaka Sefu aandike maelezo mafupi, kwamba bahasha imekutwa ndani ya faili fulani, siku fulani, ikiwa na kiasi fulani. Walikwenda pamoja kwa afisa biashara, akayasoma, akasema fedha irudishwe mbele ya mashahidi na maelezo yabaki ofisini. Akaongeza kwamba ikitokea tena kwa mtu yuleyule, itakayopigwa ni namba 113 ya TAKUKURU. Wapo watakaosema angepaswa kuipiga siku hiyohiyo, nami sioni kwamba wanakosea.

Alhaji alifika saa nne, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alipoiona bahasha juu ya meza, na Bi Mwanahawa amesimama kando, uso wake ulibadilika. Sefu alisema, “Alhaji, tumekuta kitu chako ndani ya faili. Tunaomba ukihesabu utie sahihi hapa.”

“Mimi sikununua haramu,” alisema Alhaji. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, wala hakuwa akijifanya. “Faili langu halina kasoro. Kodi nimelipa. Nimeajiri vijana wanane wa hapahapa. Nikikosa zabuni hii, nusu yao nitawarudisha nyumbani. Hata wanavyuoni wamesema mtu akizuiwa haki yake na asipate njia, anaweza kutoa ili aipate, na dhambi ni ya mpokeaji.”

Alikuwa amesema jambo lenye asili. Wapo mafakihi waliomruhusu aliyedhulumiwa, asiye na njia nyingine, kujikinga na dhuluma kwa mali yake, huku mpokeaji akibaki katika haramu. Lakini ruhusa hiyo imejengwa juu ya masharti, na sharti la kwanza ni dhuluma. Sefu hakujibu kwa fatwa. Aligeuza rejista, akaiweka mbele ya Alhaji na kumwonyesha kwa kidole. Namba moja, mbili, tatu, Mama Zaina, kisha yeye.

“Alhaji, hakuna aliyekuzuia. Faili lako lina siku moja. Hili hapa lina siku nyingi zaidi. Ningekupandisha wewe, ningemshusha yeye, naye hajui hata kama kuna orodha.”

Alhaji alilitazama jina lile kwa muda. Kwa hakika alikuwa amewahi kula wali wa Mama Zaina. Alihesabu noti zake, akatia sahihi, wala hakusema neno.

Ni Bi Mwanahawa aliyemwonyesha njia iliyokuwa wazi tangu mwanzo. Alimshauri amwandikie afisa biashara barua, aambatanishe tangazo la zabuni lenye tarehe ya mwisho, na aombe mambo mawili. La kwanza, kuthibitishiwa kwa maandishi kwamba maombi yake yamepokelewa na yanashughulikiwa. La pili, afisa afya afanye ukaguzi wa tano siku ya Alhamisi kama muda utaruhusu, bila kumwondoa aliyetangulia. Ombi la namna hiyo linaingia ndani ya faili, lina jina na tarehe, na anayelikubali au kulikataa anatia sahihi yake. Mtu yeyote anaweza kulisoma baadaye. Barua iliandikwa saa ileile kwenye kona ya meza. Uthibitisho ulitoka kabla ya adhuhuri. Juu ya ukaguzi wa tano, afisa afya alisema, “Nikimaliza wa nne kabla ya jua kuzama, nitapita.”

Alhamisi hakumaliza mapema. Kwa Mama Zaina alikuta jiko safi, maji ya kunawia na pipa la taka lenye mfuniko, lakini binti anayemsaidia kupakua chakula hakuwa amepimwa afya, na sheria inamtaka kila anayeshika chakula cha watu apimwe. Alikaa naye muda mrefu kumweleza pa kwenda na cheti gani arudi nacho. Jua likazama. Kwa hiyo Mama Zaina hakupata leseni juma lile, na Alhaji hakukaguliwa. Sefu alipopokea ripoti siku ya Ijumaa aliisoma mara mbili.

Siku ya Jumatatu kampuni iliikataa barua ya uthibitisho, ikataka leseni yenyewe, na zabuni ikaenda kwa mtu mwingine. Pale msikitini Alhaji alimpa Sefu mkono kama desturi, bila kumtazama usoni. Baadhi ya watu walipopata fununu walisema kijana amejifanya mtakatifu na kuwanyima wenzake ajira. Mama yake alisikia. Jioni moja, akiwa anahamisha kitanda chake mbali na upande wa jikoni, alimuuliza, “Ile fedha ndiyo iliyokuwa ya mambo haya?” Sefu akaitika. Mama akaendelea kuvuta kitanda. “Basi shika upande huo,” akasema.

Alhamisi iliyofuata afisa afya alianzia kwa Alhaji, na ukaguzi ukaisha kwa dakika arobaini bila kasoro. Bili ikatoka, stakabadhi ikarudi. Mama Zaina naye alileta cheti cha binti yake, na leseni zote mbili zilitiwa sahihi siku moja, zikakaa mezani kwa Sefu moja juu ya nyingine.

Mama Zaina alitangulia kuja. Aliikunja leseni yake mara nne, akaifunga katika pembe ya kanga na kuondoka haraka, kwani alikuwa ameacha maharage motoni. Alhaji alikuja baada ya Swala ya Adhuhuri. Alitia sahihi katika daftari la kupokea, akaisoma leseni kuanzia jina lake hadi tarehe ya kumalizika, mwaka mmoja mbele, akaiweka katika mfuko wa kanzu. Akafika mlangoni, kisha akageuka.

“Mwakani,” alisema, “nianze lini ili nisichelewe?”

Sefu alifungua rejista, akahesabu. “Njoo mwezi mmoja kabla, Alhaji. Na wahudumu wapimwe kwanza.”

“Mwezi mmoja,” Alhaji akarudia, akaiandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya buluu.